Nywila ndefu haitoshi

Wadau, rafiki yangu mwenye nyumba ya wageni Diani ameingiliwa barua pepe. Mwizi akawaandikia wageni wake walipie namba nyingine. Nywila ilikuwa na herufi 14, lakini aliitumia pia kwenye tovuti nyingine iliyoibiwa data. Mwizi hakubahatisha, aliijaribu tu kwingine ikafungua.

Kila mlango unataka ufunguo wake, na hakuna kichwa kinachobeba funguo 40. Nimemwekea KeePassXC: inabuni nywila ya herufi 20 kwa kila tovuti na kuzifungia zote kwenye faili moja. Anakariri moja tu, maneno sita yasiyohusiana. Akiyasahau hakuna wa kumfungulia, kwa hiyo ameyaandika karatasini, ikafungiwa kabatini kwao Msambweni.

Nyie mnatumia nini?