Mwalimu aliyeyasoma makosa ya watoto

Na Saumu Mhando

Mwalimu tuliyemzika Muheza Jumanne iliyopita alifundisha hesabu kwa zaidi ya miaka arobaini, karibu yote katika darasa la tatu na la nne. Familia yake imeomba jina lake lisitoke gazetini, nami natii. Waliopita mikononi mwake watamjua bila kutajiwa. Mimi nilipangiwa shule yake nikiwa mwalimu mgeni, kabla sijahamia kazi ya gazeti, na meza yangu ilitazamana na yake. Haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu.

Makaburini watu walimsifu kwa upole, na kweli alikuwa mpole. Lakini upole peke yake haumfundishi mtoto kutoa, na nisingependa tumwache kabla hatujasema vizuri uvumilivu wake ulikuwa nini. Ulikuwa kazi, tena kazi ya jioni, yenye utaratibu wake.

Kulikuwa na msichana wa darasa la tatu ambaye daftari lake lilirudi jekundu kila siku. Ofisini alishabandikwa jina: mzito. Siku moja alipewa 52 − 27 akaandika 35. Sisi wengine tungechora alama ya kosa, tukaandika 25 pembeni, tukachukua daftari linalofuata, maana rundo lilikuwa refu. Mwalimu aliliweka daftari lile kando. Mchana, kengele ya kutoka ilipogonga, alilifungua tena na kurudi nyuma kurasa kadhaa. Akakuta 43 − 18 = 35. Akakuta 61 − 34 = 33. Akakuta 70 − 25 = 55. Katikati ya hayo makosa palikuwa na 68 − 23 = 45, ambayo ni sahihi kabisa.

Akaniita. "Mwanangu, hebu njoo utazame. Huyu mtoto habahatishi."

Nikatazama, sikuona kitu. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Kwenye 52 − 27, mtoto anafika kwenye mamoja anakuta 2 juu na 7 chini. Darasa la kwanza alifundishwa kwamba huwezi kutoa kikubwa kwenye kidogo, na agizo hilo amelishika. Kwa hiyo anageuza: anatoa 2 kwenye 7, anapata 5. Makumi yake hayana tatizo, 5 toa 2 ni 3. Jibu, 35. Ukienda na njia hiyo kwenye yale mengine yote, utapata majibu yake hasa, hata lile la 68 − 23, kwa sababu pale tarakimu za juu ndizo kubwa na hakukuwa na cha kugeuza. Mtoto alikuwa na kanuni moja na aliifuata kwa uaminifu kuliko wengi wetu tunavyofuata kanuni zetu.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alimwita msichana yule chini ya mwembe. Kabla ya kumpa swali, aliandika tarakimu mbili kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akanipa nikishike. Kisha akamwandikia mtoto 84 − 39. Mtoto akahesabu kwa vidole, akaandika 55. Nikakunjua karatasi. Ilikuwa imeandikwa 55. Jibu sahihi ni 45, lakini Mwalimu alitaka kwanza awe na hakika kwamba anaujua ugonjwa kabla ya kutoa dawa. Alikuwa akisema kwamba kama huwezi kulitabiri kosa la mtoto, bado hujamwelewa, na usianze kumfundisha.

Dawa yenyewe ilikuwa vijiti. Alikuwa navyo mamia, vya ufagio wa chelewa, vingine vimefungwa kumikumi kwa uzi wa katani. Alimpa mtoto mafungu matano na vijiti viwili, yaani 52, akamwambia, "Nipe ishirini na saba." Msichana akatoa mafungu mawili bila shida. Akatafuta saba. Mkononi ana viwili. Akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama miembe. Hapo ndipo nilipomjua yule mzee: alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba mimi nilitamani kusema "fungua fungu moja, mama!" Aliniwekea mkono begani nisiseme. Mtoto alishika fungu, akaliacha, akalishika tena, akauliza kwa sauti ndogo, "Naruhusiwa kufungua?"

"Ni vyako."

Akafungua. Sasa ana vijiti 12 na mafungu mawili yaliyobaki mbele yake. Akatoa saba, vikabaki vitano. Ishirini na tano. Mwalimu hakumpigia makofi. Alimwambia achore pale pale mchangani alichokifanya, kisha aandike kwa tarakimu, kisha afanye jingine kwa vijiti, na jingine. Siku ya nne alimnyima vijiti, akamwambia avifikirie tu. Neno "kukopa", ambalo sisi tulikuwa tunaanza nalo ubaoni, yeye alilitaja mwisho, wakati mtoto alishajua ni kitu gani kinachokopwa na kinatoka wapi.

Kwenye hitima sheikh alikumbusha kisa kinachosimuliwa kuhusu Imamu Shafi, aliyefariki Misri mwaka 204 Hijria, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa zaidi pwani yetu. Alikuwa na mwanafunzi aitwaye Rabii bin Suleiman, mzito wa kuelewa. Inapokewa kwamba Imamu alimrudia jambo moja mara arobaini na Rabii hakulipata, akainuka barazani kwa haya. Imamu akamwita faraghani, akaendelea kumrudia mpaka akaelewa. Na Rabii huyo ndiye aliyekuja kuwapokeza watu kitabu cha Al-Umm. Waombolezaji walitikisa vichwa, wakimwona marehemu wao mle ndani.

Mimi nilichokishika zaidi ni lile neno faraghani. Mwalimu hakumsimamisha mtoto mzito mbele ya darasa hata siku moja. Alisema mtoto akiwa na haya, akili yote inakwenda kuilinda haya, na hesabu inabaki bila mtu. Kiboko hakukitumia kwa jibu lililokosewa. Kwa utoro ndiyo, alikuwa mkali, na wazazi walimwogopa.

Uvumilivu huo aliutoa wapi? Naamini aliutoa kwenye usomaji wake mwenyewe. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo 1977. Walimu hawakuwapo wa kutosha, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundishwa ualimu huko huko vijijini huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio na kwa kusimamiwa na walimu waliotangulia. Yeye alikuwa mmoja wao. Mwalimu wa UPE, jina ambalo lilitamkwa kwa dharau na waliopita vyuoni, na yeye alilisikia maisha yake yote. Alianza na daraja la tatu C, la chini kabisa.

Baadaye alifanya mtihani wa maarifa, akafaulu, akajiandikisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hisabati ilimwangusha mara ya kwanza. Matokeo hayo hakuyaficha. Aliyabandika ndani ya jalada la kitabu chake, na alinionyesha bila aibu. Alisema alikaa na hesabu za jometri usiku kucha, koroboi inatoa moshi, na alijiona anarudia kosa lile lile bila kujua ni wapi linaanzia. "Pale nilitamani mtu wa kuniangalia nikikosea," aliniambia. Alirudia mtihani, akapata, akapanda hadi daraja la tatu A. Angeweza kuishia hapo, kwa kuwa mshahara ulishapanda.

Hakuishia. Kila siku baada ya swala ya alfajiri alifanya hesabu moja. Moja tu, lakini iliyokuwa ngumu kwake, kutoka vitabu vya sekondari alivyovinunua vikiwa vimetumika. Ilipomshinda, hakuchungulia majibu nyuma ya kitabu. Aliandika pembeni mahali alipokwama na tarehe, akaendelea na siku yake. Nyingine alizirudia baada ya miezi. Alistaafu akiwa na miaka 60 na desturi hiyo haikustaafu. Mkewe anasema wiki ya mwisho alikuwa bado anaomba kalamu.

Nisimtie chumvi. Njia yake ilikuwa na mipaka, na aliijua. Shule za msingi zilipofutiwa ada na MMEM kuanza mwaka 2002, madarasa yalifurika. Huwezi kurudi nyuma kurasa tatu katika kila daftari ukiwa na watoto zaidi ya mia. Alichagua wawili au watatu kwa wiki, na aliumizwa na aliowaacha. Wapo pia ambao vijiti havikuwasaidia. Mvulana mmoja alisumbua miezi mizima, mpaka Mwalimu alipogundua kwamba anakosea maswali ya ubaoni tu, ya kitabuni hakosei. Macho. Akamhamishia dawati la mbele na kwenda kwa wazazi wake kuwaomba wampeleke hospitali. Na wapo wachache walioondoka darasa la saba bila kuiweza hesabu. Hao aliwataja kwa majina hadi uzeeni.

Ameacha kaunta buku nane. Ndani hakuna alama za mtihani. Kuna makosa: kila ukurasa una hesabu iliyokosewa, njia ambayo mtoto aliipita, na alichojaribu, kikafaa au kisifae. Binti yake, ambaye naye ni mwalimu wa darasa la nne, alizichukua siku ya kuondoa tanga, na nilimkuta kibarazani akizipekua. Wanafunzi wake kadhaa wanaandika 302 − 148 = 164. Wanajua kukopa, lakini kwenye makumi kuna sifuri, na hajaweza kuwatoa hapo.

Tuliikuta ikiwa kwenye buku la tatu, jibu lile lile, 164. Baba yake alieleza kwamba mtoto huyo anachukua mia moja, anaifanya makumi kumi, anakopa kumi moja kwa ajili ya mamoja, kisha anasahau kwamba makumi yamebaki tisa. Anatoa 4 kwenye 10 badala ya kwenye 9. Chini yake ameandika: "Funga mafungu kumi kwa kamba moja, iwe mia. Afungue mia kwanza, ayapange makumi yote kumi sakafuni. Ndipo afungue kumi moja. Mwulize yamebaki mangapi. Usimjibie."

Binti aliomba ufagio wa chelewa jikoni, akakaa mkekani na shangazi zake wawili wakifunga vijiti kumikumi. Wanahitaji mia tatu na viwili, na shule inafunguliwa Jumatatu.