Kaye ya AVEC ndani ya telefone

Juma lililopita tulipiga picha kaye ya AVEC yetu. Kufika nyumbani, tukaona safu ya mwisho, ile ya madeni, imekatwa. Kaye ilikuwa imekwisha kurudi ndani ya sanduku la kufuli tatu. Mama mmoja aliyelipa franka 20.000 akangoja juma nzima tuhakikishe.

Sasa tunapiga picha kabla ya kufunga sanduku. Tunalaza kaye karibu na mlango, kwenye mwanga wa mchana. Taa ya telefone tunaizima, maana inang'arisha karatasi na maandishi hayaonekani. Ndani ya Google Drive tunagusa alama ya kamera, tunapiga ukurasa kwa ukurasa, kisha tunavuta pembe nne mpaka zifike ukingo wa karatasi. Kurasa zote za mkutano mmoja zinakuwa PDF moja. Tunaiita kwa tarehe, mwaka mbele: 2025-03-14. Hivyo zinajipanga zenyewe. Kuituma kunaomba mega kidogo.

Mwisho, mmoja anasoma hesabu kwenye telefone, mwingine anafuata kwenye kaye. Kama 3 inafanana na 8, tunapiga tena palepale. Ndipo tunafunga kufuli.