Kabla ya cherehani, kichwa cha zipu

MTAZAMO WA WIKI
Na Rehema Mgaya

Ndugu wakitaka kumfungulia kijana kazi ya ufundi viatu, jambo la kwanza wanalofikiria ni cherehani ya kushonea ngozi. Michango inapitishwa, mkopo unachukuliwa, mashine inafika kibarazani, halafu kijana anakaa nayo akisubiri mteja mwenye kazi kubwa huku marejesho yakimngoja. Nasema fedha hiyo ianzie kwingine. Kijana mwenye mkono uliotulia aanze na zipu za mabegi, kwa vifaa vinavyoenea ndani ya ndoo moja. Kwenye zipu atajifunza, kwa hasara ndogo, kujua kilichoharibika kabla hajashika sindano. Hilo ndilo linalomfanya mtu awe fundi.

Chukua begi la shule, la aina inayoletwa kila Januari shule zikifunguliwa. Mzazi analiweka mbele ya fundi na kusema, "Fundi, niwekee zipu mpya, hii imekufa." Fundi mmoja ninayempelekea kazi karibu na stendi ya daladala hakubali neno hilo haraka. Anaifunga zipu mara tatu na kutazama inaachia wapi. Ikiachia nyuma ya kichwa, leo hapa na kesho pale, meno ni mazima na kilichochoka ni kichwa. Ikiachia mahali palepale kila mara, hapo kuna jino lililopinda au kung'oka. "Mama, zipu yako bado nzima," aliniambia siku moja. "Kilichokwisha ni kichwa."

Kichwa cha zipu kina sahani mbili, ya juu na ya chini, na kazi yake ni kuyabana meno ya pande mbili mpaka yaingiliane. Kila kinapopita kinasuguliwa, na mchanga unaongeza msuguano huo. Taratibu sahani zinaachana upande wa nyuma, pale meno yanapotoka yakiwa yameshafungwa. Nafasi ikizidi kidogo tu, meno yanapita bila kubanwa. Kwa hiyo dawa ya kwanza haina gharama: fundi anabana kwa koleo kingo za upande huo wa nyuma, kushoto kidogo na kulia kidogo, anajaribu, kisha anabana tena ikibidi. Hapa ndipo mkono uliotulia unapohitajika, maana vichwa vingi ni vya madini ya kumimina, na ukibana kwa pupa vinapasuka. Hata kikikubali, kilichokwisha kulika hakirudi kuwa kipya. Mteja aambiwe wazi kwamba amepata muda tu.

Kichwa kikikataa, kinabadilishwa. Mgongoni au chini yake mara nyingi kuna namba, kwa mfano 3, 5, 8 au 10, nayo inaonyesha ukubwa wa meno. Mabegi mengi ya shule hutumia 5 au 8. Lakini namba peke yake haitoshi: kichwa namba 5 cha zipu ya nailoni hakikai kwenye zipu namba 5 ya chuma au ya meno makubwa ya plastiki, kwa sababu umbo la ndani ni tofauti. Fundi mgeni akinunua vichwa kwa kutazama namba tu, nusu ya mzigo wake unaweza kumlalia. Aende dukani na kipande cha kila aina ya zipu, ajaribu kabla ya kulipa.

Kazi yenyewe haihitaji mashine. Anafumua sentimita 2 au 3 za mshono mwishoni mwa zipu, anakata kichwa cha zamani, kisha anaingiza ncha mbili za zipu kwenye kichwa kipya zikiwa sawasawa. Upande mmoja ukitangulia hata kwa meno mawili, begi litafungwa likiwa limevutwa upande, na kitambaa kitaanza kukunjamana. Akishajaribu mara kadhaa, anazungushia uzi wa nailoni mwishoni ili kichwa kisichomoke, halafu anarudishia mshono kwa mkono, akipitisha sindano kwenye matundu yaleyale ya zamani. Matundu mapya yanaongeza njia ya kitambaa kuchanika.

Tuseme kichwa kimenunuliwa shilingi 300, mteja akalipa 2,000, wakati begi jipya ni 20,000. Mzazi ameokoa fedha nyingi, na fundi amepata malipo ya mkono wake kwa kazi fupi. Angeng'ang'ania zipu nzima angetoza zaidi siku hiyo, lakini angefumua begi zima na kulishona upya, pengine kwa saa nzima, kwa tatizo ambalo halikuwepo. Zipu nzima ibadilishwe pale meno yamekatika katikati au kitambaa kinachoyashikilia kimechanika.

Macho yaliyozoea kuchunguza zipu ndiyo yatakayohitajika kwenye viatu. Tazama soli iliyobanduka. Kazi nyingi za gundi zinaachia ndani ya wiki kwa sababu fundi alipaka na kubandika papo hapo. Gundi ya viatu inataka gundi ya zamani ikwanguliwe, pande zote mbili zipigwe msasa, zipakwe tabaka jembamba, kisha zisubiri, mara nyingi dakika 10 hadi 15, mpaka ukigusa kwa kidole isinate. Ndipo zinakutanishwa na kugongwa kwa nguvu. Gundi ikifungiwa ikiwa mbichi, kimiminika chake kinabaki ndani na haishiki vizuri.

Kuna soli nyingine ambazo hazifai kupokelewa kabisa. Baadhi ya viatu vya mtumba vina soli nyepesi ya poliyurethani ambayo unyevu umeila kwa miaka mingi, hata kama kiatu hakijavaliwa sana. Kwa nje inapendeza. Ibonyeze kwa ukucha: ikimong'onyoka, hakuna gundi wala uzi utakaoishika, maana kinachoachia ni soli yenyewe. Fundi anayepokea fedha ya kazi hiyo atagombana na mteja baada ya siku chache. Aseme soli yote ibadilishwe, au aikatae kazi.

Gundi hiyohiyo inaweza kuharibu mikono ambayo ndiyo mtaji wa kazi hii. Baadhi ya gundi zina heksani, kimiminika ambacho mvuke wake ukivutwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu. Wafanyakazi wa viatu nchini Japani na Italia waliwahi kuugua hivyo, wakaanza kwa ganzi kwenye vidole vya mikono na miguu, kisha udhaifu wa misuli. Kijana anayegundisha ndani ya kontena lililofungwa anajiweka kwenye hatari hiyo. Apake nje penye upepo, kopo lifunikwe kila baada ya kuchovya, na apake kwa brashi badala ya kidole. Akianza kusikia ganzi, aende hospitali na aeleze kazi anayofanya.

Kwa hiyo mwenye nia ya kumsaidia kijana amnunulie koleo, mkasi, msharasi, sindano imara, uzi wa nailoni, nta ya kuupaka uzi, na vichwa vya zipu vya aina na namba zinazoletwa sana mtaani kwake. Amwekee na daftari la kuandika kila kazi iliyorudi na kilichosababisha irudi. Gundi na msasa vifuate atakapozoea. Cherehani inunuliwe siku daftari litakapoonyesha kwamba anakataa kazi kwa kukosa mashine, na inunuliwe kwa faida ya zipu, si kwa mkopo wa kubahatisha.