Dhahabu Ilipanda Mara Mbili, kwa Njia Mbili

Bei ya dhahabu ilipovuka dola 4,000 kwa wakia mwezi Oktoba 2025, mazungumzo yake hayakubaki katika mabenki ya London na New York. Yaliingia pia majumbani mwetu hapa Visiwani, ambako bangili na mkufu si pambo la harusi peke yake, bali ni akiba ya mama wa nyumbani, inayouzwa siku ya maradhi au siku ya ada ya shule. Yaliingia vilevile maofisini, kwa kuwa dhahabu inaongoza miongoni mwa madini ambayo nchi yetu inauza nje.

Katika mazungumzo hayo tumesikia maelezo mamoja yakirudiwa kila mahali: kwamba dhahabu hupanda kwa sababu bei za vitu zimepanda, na kwa hiyo, maadamu maisha ni ghali, dhahabu haitashuka. Maelezo hayo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli katika mambo ya fedha imekwishawatia watu hasara kubwa. Ili kuipata nusu ya pili, hatuna budi kuzilinganisha safari mbili ambazo dhahabu ilipanda katika muda wa miaka kumi au karibu na hiyo: ile ya 1971 hadi 1980, na ile ya 2001 hadi 2011.

Tuanze na ile ya kwanza. Tangu mkutano wa Bretton Woods wa 1944, Marekani iliahidi kuzipa serikali nyingine wakia moja ya dhahabu, yaani gramu 31.1, kwa kila dola 35 walizoleta. Ahadi hiyo ilikuwa kama lango la bwawa. Kwa kadiri Marekani ilivyozidi kutoa dola kuliko dhahabu iliyokuwa nayo, maji yalijaa nyuma ya lango. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon alisimamisha ahadi hiyo, na lango likafunguka. Kwa hiyo sehemu ya kupanda kwa miaka ile haikuwa kupanda hasa, bali ni bei iliyozuiliwa kwa amri kwa muda mrefu kutafuta mahali pake.

Kisha ukaja mfumuko wa bei. Mwishoni mwa 1973 na mwanzoni mwa 1974 bei ya mafuta ya petroli iliongezeka kiasi cha mara nne, na nchi zisizo na mafuta zikaumia, yetu ikiwa mojawapo. Huko Marekani kwenyewe bei za bidhaa zilipanda kwa asilimia 11 katika 1974. Hapa ndipo penye kiini cha jambo tunalotaka kulieleza. Mtu aliyeikopesha Hazina ya Marekani dola 100 kwa muda mfupi mwaka ule alilipwa riba ya karibu dola 8. Lakini kilichonunuliwa kwa dola 100 mwanzoni mwa mwaka kilihitaji dola 111 mwishoni. Alipata 8 akapoteza 11, basi riba yake halisi ilikuwa hasara ya 3. Dhahabu haizai riba hata senti moja, na siku zote hiyo ndiyo kasoro yake mbele ya fedha iliyowekwa benki. Lakini fedha ya benki inapozaa hasara, kasoro ya dhahabu hutoweka, na watu huikimbilia.

Mwaka 1979 hofu ilizidi. Mapinduzi ya Iran yalitikisa mafuta kwa mara ya pili, na mwezi Desemba majeshi ya Urusi yakaingia Afghanistan. Tarehe 21 Januari 1980 dhahabu ilifika dola 850 mjini London.

Ni nini kilichoiangusha? Mafuta hayakurudi kuwa rahisi, wala bei za vitu hazikutulia wakati huo, kwani mfumuko wa bei Marekani katika mwaka 1980 ulizidi asilimia 13. Kilichobadilika ni riba. Mkuu mpya wa Benki Kuu ya Marekani, Paul Volcker, alikuwa amekwishaanza kubana fedha tangu Oktoba 1979, na kufikia 1981 riba baina ya mabenki ilikaribia asilimia 20. Mwaka huo bei za vitu zilipanda kwa asilimia 10, lakini aliyeikopesha Hazina alipata kama asilimia 14. Hasara ya 3 iligeuka faida ya 4. Maisha yalikuwa bado ghali, na dhahabu ikashuka. Katikati ya 1982 ilikuwa chini ya dola 300. Wale waliodhani kwamba ughali wa maisha peke yake ungeishikilia walikuwa wamekwishaumia.

Safari ya pili ilianza katika hali iliyo kinyume. Katika 1999 hakuna aliyeitaka dhahabu. Serikali ya Uingereza ilitangaza mwezi Mei mwaka ule kwamba itauza zaidi ya nusu ya akiba yake, na tangazo lenyewe likaishusha bei kabla mnada wa kwanza haujafanyika. Hadi 2002 iliuza karibu tani 400 kwa wastani wa dola 275 hivi kwa wakia. Makampuni ya migodi nayo yalikuwa yakiuza dhahabu ambayo bado imo ardhini, yakiogopa kwamba kesho bei itakuwa mbaya zaidi.

Badiliko la kwanza lilitoka kwa wauzaji. Mwezi Septemba 1999 benki kuu 15 za Ulaya zilipatana mjini Washington zisiuze zaidi ya tani 400 kwa mwaka. Migodi ikaacha kuuza kabla ya kuchimba, na ikaanza kununua ili kujitoa katika ahadi zake za awali. Badiliko la pili lilikuwa riba. Benki Kuu ya Marekani iliishusha kutoka asilimia 6.5 katika 2000 hadi 1 katika 2003, na baada ya msukosuko wa mabenki wa 2008 ikaifikisha karibu na sifuri.

Na hapa msomaji atazame vizuri. Katika miaka ile kumi mfumuko wa bei Marekani ulikuwa wa wastani wa asilimia 2 na nusu hivi, wala haukufika popote karibu na ule wa 1974. Kama ughali wa maisha ndio unaopandisha dhahabu, isingelipanda. Lakini mwaka 2011 bei za vitu zilipanda kwa asilimia 3, na aliyeikopesha Hazina kwa muda mfupi hakupata takriban chochote. Hasara yake ilikuwa 3, sawasawa na ile ya 1974. Safari ya kwanza hasara ililetwa na bei zilizokimbia mbele ya riba. Safari ya pili ililetwa na riba iliyoshushwa chini ya bei zilizotulia. Mwanzoni mwa Septemba 2011 dhahabu ilifika dola 1,895 mjini London.

Tofauti nyingine ni wanunuzi. Katika miaka ya sabini taasisi za serikali zilikuwa upande wa kuuza: Hazina ya Marekani iliuza, na Shirika la Fedha la Kimataifa likanadi wakia milioni 25 kati ya 1976 na 1980. Baada ya 2000 mkondo uligeuka. Mwaka 2009 India ilinunua tani 200 kutoka kwa Shirika hilohilo, na tangu 2010 benki kuu za dunia kwa jumla zimekuwa zikinunua kuliko kuuza. Kadhalika, hisa za mifuko ya dhahabu, zilizoanza kuuzwa katika masoko ya hisa mwaka 2003, zilimwezesha mtu wa kawaida wa Ulaya na Marekani kununua dhahabu bila kuigusa.

Lakini mlango alioingilia ndio alioutokea. Mwaka 2013 Benki Kuu ya Marekani ilidokeza tu kwamba itapunguza ukarimu wake, riba halisi za muda mrefu zikapanda kutoka chini ya sifuri hadi juu yake, na zaidi ya tani 800 zikatoka katika mifuko hiyo kwa mwaka mmoja. Dhahabu ilipoteza zaidi ya robo ya thamani yake, na mwishoni mwa 2015 ilikuwa dola 1,050 hivi.

Kwa hiyo wa kuulizwa kwanza si sokoni, bali ni riba halisi: toa mfumuko wa bei katika riba, uone kinachosalia. Hata hivyo hatudai kwamba kipimo hiki hakikosei. Katika 2022 na 2023 riba halisi za Marekani zilipanda sana, na dhahabu haikuanguka. Sababu ni kwamba baada ya akiba ya Urusi kuzuiliwa na nchi za Magharibi mwaka 2022, benki kuu nyingi ziliona kwamba dola iliyo mikononi mwa mwingine yaweza kufungiwa. Zikanunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka katika 2022, 2023 na 2024. Mnunuzi wa namna hiyo haangalii riba, bali anatafuta usalama. Basi swali la pili ni hili: anayenunua ni nani, na ni kitu gani kitakachomfanya aache?

Twasema haya kwa makusudi. Mtu aliyenunua dhahabu tarehe 21 Januari 1980 hakuiona tena bei yake hadi Januari 2008, na katika miaka hiyo 28 bei za vitu Marekani zilikuwa zimezidi mara mbili na nusu. Alirudishiwa hesabu ya dola zake, hakurudishiwa nguvu yake. Mama aliyerithi bangili hana la kuhofu, kwani hakuzinunua kwa deni wala hazimdai mtu. Anayetakiwa kujihadhari ni yule anayeuza shamba au kukopa ili anunue kwa sababu jirani yake amepata faida.

Kwa viongozi tuna neno moja. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu nchini wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa hapahapa, na Benki Kuu yetu inanunua. Twaliunga mkono jambo hilo kama akiba. Lakini akiba ni akiba hata bei ishuke, na bajeti ya shule na hospitali isijengwe juu ya bei ya kileleni. Uingereza iliuza nyingi chini kabisa kwa kuamini kwamba hali ya jana ndiyo ya kesho. Kosa hilohilo laweza kufanywa juu kabisa, kwa imani ileile.