Riba ya kila mwezi, mavuno ya mara moja: rejesho la mwaka ni kiasi gani?

Tangu Julai 2021, Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza nafuu kwa mabenki yanayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka, wakulima wengi huitaja asilimia hiyo. Lakini kwenye vyama vya kuweka na kukopa riba mara nyingi hutajwa kwa mwezi, na mkulima wa mahindi hana mshahara wa kila mwezi. Hapo hesabu huwachanganya watu.

Tuchukue mfano. Mkulima wa Songea anakopa shilingi 3,000,000 mwezi Agosti kununua maksai na plau. Riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio, na atalipa kila Agosti kwa miaka mitatu, akishauza mahindi.

Wengi huzidisha 1.5 kwa 12 na kupata asilimia 18. Hiyo si sahihi kwake. Kwa kuwa halipi chochote katikati ya mwaka, riba ya Septemba inaingia kwenye deni, na Oktoba inatozwa riba pia. Chukua kikokotoo cha simu, zidisha 1.015 kwa yenyewe mpaka zitimie 1.015 kumi na mbili. Utapata 1.1956, yaani riba ya mwaka ni asilimia 19.56.

Sasa rejesho. Zidisha 1.1956 × 1.1956 × 1.1956, unapata 1.709. Gawa 1 kwa hiyo, unapata 0.585. Toa kwenye 1, inabaki 0.415. Gawa 0.1956 kwa 0.415, kisha zidisha kwa mkopo. Ukiacha tarakimu zote kwenye kikokotoo, jibu ni kama shilingi 1,414,400 kila mwaka.

Tuhakikishe. Agosti ya kwanza deni limefika kama 3,586,900. Akilipa, linabaki 2,172,500. Mwaka wa pili linapanda hadi 2,597,400, linabaki 1,183,000. Mwaka wa tatu linafika 1,414,400, naye analimaliza.

Kosa linaloumiza zaidi, kwa maoni yetu, ni kuchukua jedwali la marejesho ya kila mwezi. Kwa mkopo huu linaonyesha kama 108,460. Ukizidisha kwa 12 unapata 1,301,500, na siku ya kulipa utapungukiwa takriban 113,000. Jedwali lile linahesabu kwamba deni linapungua kila mwezi. La kwako halipungui.

Angalia pia tarehe. Ukikopa Novemba na kulipa Agosti, riba ya kwanza ni ya miezi tisa tu, na rejesho linashuka hadi kama 1,352,600. Ukiandikiwa miezi kumi na miwili, uliza kabla ya kusaini.

Na kama mkataba unatoza riba kwenye mkopo wote wa mwanzo badala ya salio, hesabu hii haifai. Mwombe karani akuandikie jumla ya kulipa, mwaka kwa mwaka.