Kabla ya Kalamu Nyekundu, Jibu Lirudishwe Kwenye Swali

Kila anayevuka Mpaka Mdogo kwenda Goma na mzigo anajua namna ya kuhakiki hesabu. Ukibadilisha faranga kuwa dola, unahesabu noti mbele ya mbadilishaji, kisha unazidisha dola ulizopewa kwa bei ya siku ile. Usiporudi kwenye faranga ulizotoa, mnaanza upya. Nawaomba walimu wetu wa hesabu hapa Rubavu wafanye vivyo hivyo kabla ya kumwandikia mtoto kuwa amekosa.

Nasema hivi kwa sababu ya karatasi ya mtihani ambayo binti wa kaka yangu alirudi nayo nyumbani. Swali lilikuwa hili: mfanyabiashara hununua kreti moja ya nyanya kwa faranga 12,000 na kuiuza kwa 15,000. Usafiri wa mzigo wote ni 6,000. Baada ya kutoa gharama zote, amebaki na faida ya 24,000. Alinunua kreti ngapi? Mtoto aliandika 10, akapewa sifuri. Jibu la mwongozo lilikuwa 6.

"Shangazi, mimi nimehesabu kama wewe unavyohesabu," aliniambia huku akikunja karatasi. Niliogopa asije akaamini kwamba hesabu ya sokoni na hesabu ya darasani ni vitu viwili tofauti.

Sikufika mbali shuleni, lakini nyanya nazijua. Kreti 10 zinauzwa 150,000. Manunuzi ni 120,000, ongeza usafiri 6,000, gharama ni 126,000. Inabaki 24,000 kamili. Kreti 6 je? Mauzo ni 90,000, gharama ni 72,000 na 6,000, yaani 78,000. Faida ni 12,000 tu. Mtoto alikuwa sahihi.

Kosa lilitoka wapi? Mlinganyo wa mwanzo ulikuwa huu:

15,000x − (12,000x + 6,000) = 24,000

Mwongozo uliondoa mabano ukasahau kwamba alama ya kutoa iliyo mbele yake inagusa vyote viwili, manunuzi na usafiri. Ukaandika:

15,000x − 12,000x + 6,000 = 24,000

Hapo usafiri umegeuka kuwa pesa inayoingia mfukoni. Mfanyabiashara gani analipwa na lori lililombebea mzigo?

Sasa angalieni jambo moja ambalo hata mhakiki makini linaweza kumponyoka. Ukiweka 6 kwenye mstari huu wa pili, linakubali: 90,000 toa 72,000 ongeza 6,000 ni 24,000. Kwa hiyo anayehakiki kuanzia mstari wa pili atajiridhisha kwamba mwongozo ni sawa, kwa sababu kosa limekwisha kuingia. Jibu lirudishwe kwenye mlinganyo wa mwanzo kabisa. Na kama swali ni la maneno, lirudishwe kwenye maneno yenyewe, maana hata mlinganyo wa kwanza unaweza kuwa umeandikwa vibaya.

Najua mwalimu atasema ana karatasi nyingi na usiku ni mfupi. Siombi ahakiki kila jibu. Ahakiki lile linalotofautiana na mwongozo, mara moja tu, kabla ya kulikata. Kazi hiyo ni kuzidisha na kutoa. Wanafunzi wengine wakitoa jibu lile lile, hahitaji kuirudia. Na wengi wakikutana kwenye jibu moja lisilo la mwongozo, ama wamekosea pamoja au mwongozo ndio wenye kosa. Kulirudisha jibu kutaonyesha ni lipi.

Njia hii ina mipaka. Inaonyesha kama jibu linafaa, haionyeshi mtoto amelipataje. Anaweza kuwa amebahatisha au amechungulia kwa jirani, hivyo alama za hatua mwalimu azitoe kwa kusoma hatua. Pia kuna milinganyo yenye majibu mawili. Mtoto aliyetaja moja atapita kwenye uhakiki, ingawa kazi yake haijakamilika. Lakini kwa swali kama la nyanya, jibu ni moja, na uhakiki unatosha kuonyesha nani yuko sahihi.

Nilimwambia mtoto asiende kubishana. Aende na karatasi, aandike mauzo, gharama na faida kwa kreti 10, kisha kwa kreti 6, amwombe mwalimu azitazame. Mwalimu alizitazama, akaomba karatasi zote zirudishwe, akasahihisha upya.

Wazazi wenzangu wa Mbugangari na Birere, msiseme aljebra si yenu. Mtoto akileta karatasi yenye wino mwekundu, mwambieni awasomee swali, kisha lihesabuni jibu lake kama mnavyohesabu mzigo.