Vilemba na Vitanzi Pacha: Kisigino cha Soksi na Kifua cha Sweta



Mtu wa Pwani anayehamia Thika au Ruiru huujua mwezi wa Julai kwa nyayo zake kabla ya kuuona kwenye kalenda. Miji hiyo imekaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya saruji ya huko wakati wa Alfajiri haifanani kabisa na ya Mombasa. Ndiyo maana mpwa wangu aliyeolewa Ruiru alianza kufuma soksi, kwanza za nyumbani kwake, kisha za majirani, na hatimaye za kuuza kwa kina mama wa Thika waliosikia habari zake.

Mwezi wa Mei alinipigia simu, sauti imemshuka. Jozi 3 zilikuwa zimerudishwa, zote kwa kosa moja: matundu mawili madogo, moja kila upande wa kisigino, pale kisigino kinapokutana na sehemu ya juu ya mguu. Juu ya hayo, mama yake, ambaye ni dada yangu, alikuwa anatazamiwa kupanda huko mwezi wa Julai, naye alikuwa ameahidiwa sweta mpya ya kuvaa juu ya buibui. Ile ya mwaka uliotangulia ilikuwa ikimpanda mbele kwa sababu ya ukubwa wa kifua, huku nyuma ikining'inia. "Khaloo, nifanye nini?" akaniuliza. Nikamwambia matatizo yake mawili ni tatizo moja, na yote yamo katika safu fupi.

Safu fupi ni safu isiyofika mwisho. Unafuma hadi mahali fulani, unageuza kazi kabla ya kumaliza, unarudi, na vile vitanzi ulivyoviacha hubaki sindanoni vikisubiri. Palipofumwa mara nyingi zaidi huwa parefu kuliko pembeni, na kitambaa hufanya mfuko. Mfuko huo ukiwa nyuma ya soksi ni kisigino. Ukiwa kifuani ni penzi la kulipa titi nafasi yake bila mkasi wala mshono. Shida ipo pale ulipogeuzia. Kitanzi cha mwisho ulichokifuma na jirani yake uliyemwacha sasa ni wa safu mbili tofauti, na hakuna kinachowaunganisha isipokuwa uzi mwembamba chini kabisa. Mwanya huo ndio tundu.

Mpwa wangu alikuwa akiziba mwanya kwa njia ya zamani, ambayo sisi nyumbani huiita kilemba. Ukifika pa kugeuzia, unaleta uzi mbele, unakihamisha kitanzi kinachofuata bila kukifuma, unarudisha uzi nyuma, unakirejesha kitanzi sindano ya kushoto, ndipo unageuza. Kitanzi hicho sasa kimezungushiwa uzi shingoni kama kilemba. Baadaye, utakapokirudia, unakichota kilemba kwa ncha ya sindano na kukifuma pamoja na kitanzi chake ili kijifiche upande wa ndani.

Katika safu ya kwenda, yaani upande laini unaoonekana, jambo hilo ni jepesi. Katika safu ya kurudi, upande wa matuta, kilemba kiko ng'ambo usikokuona. Lazima uinamishe kazi, ukivue kutoka upande wa pili, ukipandishe sindanoni, ndipo uvifume viwili pamoja. Kwa hiyo upande mmoja wa kisigino hutoka safi na mwingine hutoka umelegea. Nilipomwambia azitazame zile soksi zilizorudishwa, alikiri kuwa tundu la upande mmoja lilikuwa kubwa kuliko la pili katika jozi zote 3.

Kulikuwa na sababu nyingine, nayo ni uzi. Ruiru ni mji wa viwanda vya nyuzi na mablanketi, na uzi wa bei nafuu madukani ni wa akriliki. Uzi wa sufu ukifuliwa huvimba kidogo, nyuzi zake hushikana, na mwanya mdogo hufichika. Akriliki haifanyi hivyo. Tundu lililotoka sindanoni litakuwapo baada ya kufuliwa mara 20. Wala usijaribu kulibana kwa pasi ya moto, maana joto huiyeyusha akriliki ikalala bapa kama karatasi, na haiinuki tena.

Basi nikamshauri aache vilemba kwenye soksi na ajifunze njia isiyo na kilemba, ile ambayo wafumaji wengi duniani huiita ya Kijerumani. Sisi tuiite kitanzi pacha. Hapa huzungushii chochote. Unageuza kazi kwanza, unaleta uzi mbele, upande wako; unakihamisha kitanzi cha kwanza kwenda sindano ya kulia bila kukifuma; kisha unauvuta uzi juu ya sindano kuelekea nyuma, kwa nguvu ya kutosha, mpaka kitanzi hicho kipinduke na kuonyesha miguu miwili juu ya sindano. Kama safu inayofuata ni ya kurudi, uzi unapitishwa tena mbele kati ya sindano. Kama ni ya kwenda, unabaki nyuma. Utakapokirudia, unaifuma miguu yote miwili kama kitanzi kimoja. Pacha huonekana kwa macho, hatafutwi, na kwenda na kurudi ni mamoja.

Soksi zake huwa na vitanzi 48. Kisigino hufumwa juu ya nusu, yaani 24, na hizo tunazigawa mafungu matatu ya 8. Anafuma vitanzi 24, anageuza, anafanya pacha. Anarudi hadi mwisho, anageuza, anafanya pacha. Kila safu inayofuata inaishia kabla ya pacha aliyetangulia, hadi kuwe na mapacha 8 kila upande na vitanzi 8 vya kawaida katikati. Hapo anasimama na kufuma mizunguko 2 kamili ya soksi nzima, vitanzi vyote 48, akiwafuma mapacha wote kuwa kimoja kimoja. Mizunguko hiyo 2 wengi huiruka kwa haraka, nayo ndiyo inayozipumzisha kona zisivutwe. Kisha nusu ya pili inaanzia katikati kwenda nje: anafuma hadi mwisho wa vile 8 vya kati, anageuza, anafanya pacha, anarudi juu ya vile 8, anageuza, anafanya pacha, na kila safu baada ya hapo inampita pacha kwa kumfuma kimoja, inaongeza kitanzi kimoja zaidi, ndipo inageuka, mpaka vyote 24 virudi kazini.

Jozi ya kwanza ilitoka bila tundu, lakini kisigino kilikuwa na ncha kama pembe ya sambusa. Nilimwomba ahesabu vitanzi vya katikati. Vilikuwa 6. Alikuwa amebadili njia bila kubadili hesabu, na hili huwapata wengi. Maelezo ya kilemba husema fuma 23, kivike kilemba cha 24. Anayevikwa kilemba ni yule ambaye hajafumwa. Katika njia ya pacha, anayefanywa pacha ni yule uliyetoka kumfuma sasa hivi. Kwa hiyo ukichukua maelezo ya kilemba ukayageuza kuwa ya pacha, fuma kitanzi kimoja zaidi kabla ya kugeuka. Usipofanya hivyo, unapoteza kimoja kila upande, na 8 huwa 6.

Kona zikibaki na uwazi kidogo hata baada ya hayo, okota ule uzi uliolala kati ya kisigino na sehemu ya juu ya mguu, uusokote mara moja, uufume pamoja na jirani yake. Halafu ingiza ngumi ndani ya soksi na uielekeze dirishani. Mwanga ukipenya kama nukta, mnunuzi naye ataiona.

Tuje kwenye sweta ya dada yangu. Kabla ya kushika sindano nilimtaka mpwa wangu ampime mama yake mara mbili atakapokuja Eid, amevaa nguo ya ndani atakayoivaa na sweta: kutoka begani kupita juu ya titi hadi kiunoni, na kutoka begani hadi kiunoni kwa mgongoni. Mbele ilizidi nyuma kwa sentimita 5. Kipande chake cha majaribio kilikuwa na vitanzi 20 na safu 28 katika sentimita 10, basi sentimita 5 ni safu 14. Kila kugeuka mara mbili, kulia na kushoto, huongeza safu 2. Kwa hiyo aligeuka mara 7 kila upande.

Upande wa mbele ulikuwa na vitanzi 110, sawa na sentimita 55. Tangu ubavuni hadi kilele cha titi palikuwa na sentimita 14, na safu fupi hazipaswi kufika kileleni, la sivyo huchongoka. Aliacha vitanzi 3 mwishoni mwa safu ya kwanza, 6 katika ya pili yake, na hivyo hivyo hadi 21, yaani sentimita 10 na nusu. Zikabaki sentimita 3 na nusu hadi kileleni. Kwa urefu, mfuko wote aliuweka chini kidogo ya kilele, si juu yake.

Hapo akaniuliza kama vilemba vingefaa. Kwa kitambaa laini cha uzi mwembamba, kama sweta ile, mimi bado huchagua pacha, kwa kuwa kila upande unaonwa na watu na kilemba kilicholegea upande wa kushoto kitajionyesha kifuani kuliko kwenye kiatu. Lakini sikitupi kilemba. Ukifuma kitambaa cha matuta pande zote mbili, kama yale mashali mazito ya wazee, kilemba hujificha chenyewe ndani ya tuta; hukichoti wala hukitafuti, unapita tu.

Dada yangu alifika Ruiru wiki ya pili ya Julai. Aliivaa sweta juu ya buibui, akainua mikono yote miwili kuweka mzigo kabatini, na pindo la mbele likabaki usawa na la nyuma. Alichosema ni kwamba mikono ya sweta imezidi urefu kwa vidole viwili, na binti yake akaanza kuifumua siku ile ile.